Mimba: vidonge vya CPN na multivitamini ya famasia si kitu kimoja

Karibu na soko la Kadutu, mjini Bukavu, si vigumu kukuta mama mwenye mimba amesimama mbele ya dirisha la famasia akiomba "vitamini ya mimba". Muuzaji anafungua kopo kubwa, anamhesabia vidonge thelathini, anavitia ndani ya kafuko kadogo na kuandika juu yake: moja, asubuhi. Mama analipa na kurudi nyumbani akiwa ametulia. Lakini nyumbani, nyuma ya kabati, kuna kafuko kengine alikopewa siku ya CPN. Vidonge vyake vimebaki karibu vyote. Aliacha kuvimeza kwa sababu vilikuwa vinamchafua roho.

Yeye anafikiri amebadilisha dawa moja kwa nyingine inayofanana nayo, ile isiyosumbua tumbo. Kumbe vile vidonge vya kopo havisumbui tumbo kwa sababu havina kile kitu chenye kusumbua, ni kusema madini ya chuma. Na chuma ndicho kitu cha kwanza ambacho CPN ilitaka apate.

Hali hii inaonekana mara mingi katika miji na vijiji vya mashariki. Ndiyo maana inafaa kueleza mambo mawili: kidonge gani kina nini ndani yake, na namna gani mama anaweza kumeza chuma bila kutapika kila siku.

Ndani ya kila kidonge kuna nini

Kidonge kinachotolewa kwenye CPN kwa kawaida kina vitu viwili tu: chuma na asidi foliki. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linaomba mama mwenye mimba apate kila siku miligramu 30 mpaka 60 za chuma, na mikrogramu 400 za asidi foliki, ni kusema miligramu 0.4. Pahali ambapo wamama wengi wanakosa damu, kiasi kinachopendelewa ni miligramu 60.

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa kwa sababu ya namba. Kwenye kopo kunaweza kuandikwa miligramu 200, na mama akaogopa kwamba anapewa mara tatu kupita kiasi. Zile 200 ni uzito wa chumvi ya chuma, ambayo mara mingi inaitwa sulfati ao fumarati. Chuma chenyewe ndani ya chumvi hiyo ni kama miligramu 65. Hicho ndicho kiasi kinachohesabiwa, na kinalingana na kile OMS inaomba.

Sasa tuangalie multivitamini ya kawaida, ile ya kopo kubwa yenye bei ya chini. Mara mingi ndani yake kuna vitamini A, B1, B2, B3, C na D, kila moja kwa kiasi kidogo. Hakuna chuma. Hakuna asidi foliki. Si dawa mbaya, lakini haiwezi kufanya kazi ya kidonge cha CPN, hata mama akimeza viwili ao vitatu kwa siku.

Kuna aina ya tatu, vitamini zilizotengenezwa kwa ajili ya mimba. Ile inayojulikana zaidi katika kazi za afya ina vitamini na madini 15 pamoja: ina miligramu 30 za chuma, asidi foliki mikrogramu 400, tena ina iyodi, zinki na vitamini mbalimbali. OMS iliitia ndani ya orodha ya dawa za lazima mwaka wa 2021. Kwa sababu chuma chake ni nusu ya kile cha kidonge cha kawaida cha CPN, inaweza kusumbua tumbo kidogo zaidi. Lakini haipatikani kila pahali, na mama ambaye tayari amekosa damu anaweza kuhitaji chuma kingi kupita hicho.

Namna rahisi ya kutofautisha ni kuomba muuzaji aonyeshe kopo lenyewe ao sanduku, si kafuko tu. Juu ya orodha ya vitu vilivyo ndani, tafuta neno linaloanza na herufi F-E-R, ambalo ni chuma, na neno linaloanza na F-O-L, ambalo ni asidi foliki. Kama hayo maneno mawili hayapo, hiyo si dawa ya kushika nafasi ya kidonge cha CPN, hata kama muuzaji anaiita vitamini ya mimba na hata kama kuna picha ya mtoto juu ya sanduku.

Kwa nini vitu hivyo viwili

Wakati wa mimba, damu ya mama inaongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Chuma ndicho kinachotumika kutengeneza ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba hewa. Mtoto naye anachukua chuma chake kwa mama. Katika maeneo yetu kuna tena malaria, ambayo inavunja damu, na minyoo ya tumbo ambayo inaifyonza. Bugali, sombe na maharagi vinasaidia, lakini chuma cha ndani ya majani na maharagi hakiingii mwilini kwa wingi. Ndagala na sambaza vinaingia vizuri zaidi, lakini peke yake havitoshi kufikia kiasi cha mimba.

Mama mwenye mimba anahesabiwa kuwa na damu ndogo kama kipimo cha hemoglobini kiko chini ya gramu 11 kwa desilita moja. Shida kubwa inaonekana siku ya kuzaa. Kila mama anapoteza damu wakati huo. Aliye na damu ya kutosha anaweza kuvumilia, lakini yule aliyefika na damu ndogo anaweza kuwa katika hatari kwa kupoteza damu kidogo tu, zaidi sana kama kituo cha afya hakina damu ya kumwongezea.

Asidi foliki inasaidia pia kutengeneza damu, lakini ina kazi ingine ambayo haingoji. Uti wa mgongo wa mtoto unafungika siku 28 hivi baada ya mimba kuingia, wakati mama wengi hawajajua hata kama wako na mimba. Ndiyo maana mwanamke anayetafuta mtoto anashauriwa kuanza asidi foliki mbele ya mimba. Aliyechelewa asiache, kwa sababu damu yake ingali inaihitaji.

Kumeza vingi hakuongezi faida

Kuna wamama wanaosema: basi nitameza vyote viwili, cha CPN na multivitamini mbili za famasia, na tena zile ndugu yangu alinitumia kutoka Ulaya. Hapa inaomba uangalifu juu ya vitamini A. Ikipita vizio 10,000 kwa siku kwa mama mwenye mimba, zaidi sana miezi mitatu ya kwanza, inaweza kuharibu mwili wa mtoto anayetengenezwa. Kidonge kimoja cha kawaida hakifiki huko. Lakini mtu akichanganya aina tatu, na akiongeza mafuta ya maini ya samaki, hesabu inapanda haraka.

Jambo lingine linahusu malaria. Kwenye CPN, kuanzia mwezi wa nne, mama anapewa vidonge vya SP mbele ya muuguzi ili kumkinga na malaria. Asidi foliki ya miligramu 0.4 haizuii kazi ya SP. Lakini famasia zinauza pia asidi foliki ya miligramu 5, zaidi ya mara kumi ya ile ya CPN, na hiyo inapunguza nguvu ya SP. Mama anayemeza ya miligramu 5 inafaa amwambie muuguzi mbele ya kupewa SP.

Roho kuchafuka: ni mimba, ni chuma ao ni malaria?

Si kila kichefuchefu kinatoka kwa kidonge. Kile cha mimba yenyewe kinaanza mara mingi karibu na juma la sita, kinazidi kati ya juma la nane na la kumi na mbili, kisha kinapungua. Kinaweza kuja saa yoyote, na harufu ya mafuta ao samaki inatosha kukiamsha, hata siku ambayo mama hakumeza kitu.

Kile cha chuma kina alama yake. Kinakuja muda mfupi baada ya kumeza, mara mingi ndani ya saa moja ao mbili, na kinaambatana na maumivu juu ya kitovu ao ladha ya chuma mdomoni. Siku mama asipomeza, hakiji. Sababu yake ni rahisi: mwili unachukua sehemu ndogo tu ya chuma kilichomezwa, na kile kinachobaki kinakwaruza ukuta wa tumbo. Kadiri kiasi kinavyokuwa kikubwa na tumbo linavyokuwa tupu, ndivyo kinavyokwaruza zaidi.

Kama kuna homa, kichwa kinauma, ao viungo vinauma, jambo hilo halihusu chuma. Inaomba kipimo cha malaria siku ileile.

Kwa hiyo, mbele ya kuacha kidonge, mama anaweza kufanya jaribio dogo la siku nne: aandike saa aliyomeza na saa roho ilipochafuka. Karatasi hiyo itamsaidia muuguzi kupita maneno mengi.

Mfano: kutoka juma la 15 mpaka la 31

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Si mtu fulani anayejulikana, bali ni hali ambayo wauguzi wanaweza kuitambua mara moja. Anakuja CPN ya kwanza akiwa na majuma 15. Hemoglobini yake ni 11.4, ni kusema iko sawa, lakini haijapita mbali. Anapewa vidonge thelathini, kimoja kila siku.

Anameza asubuhi saa kumi na mbili, mbele ya kwenda sokoni, tumbo tupu, na chai ya maziwa. Saa moja roho inachafuka, na siku ya tatu anatapika njiani. Siku ya tano anaviacha na kununua multivitamini ya kopo. Tumbo linatulia. Anajiambia kwamba amepata suluhisho.

Anarudi akiwa na majuma 23. Anachoka akipanda mlima na moyo unapiga mbio. Hemoglobini sasa ni 9.9. Muuguzi anamuuliza kama anameza vidonge, naye anajibu ndiyo. Hasemi uongo, maana kila siku anameza kidonge kimoja. Ni pale muuguzi anapomwambia, "Mama, leta tuone ile kafuko," ndipo jambo linaeleweka.

Hapa ndipo bei ya kuacha inaonekana. Kidonge kimoja kwa siku kilikuwa cha kuzuia upungufu wa damu. Sasa upungufu umefika, na OMS inaomba kiasi cha kutibu, miligramu 120 za chuma kwa siku, karibu vidonge viwili, mpaka hemoglobini irudi kwa 11. Mama aliyeshindwa na kimoja atameza viwili namna gani?

Muuguzi anaanza na kupima malaria, na kumpa dawa ya minyoo kwa kuwa miezi mitatu ya kwanza imepita. Kisha wanapanga upya saa za kumeza.

Juma la kwanza, kidonge kimoja tu, usiku. Mama anakula chakula cha jioni saa moja. Saa tatu anakula kipande cha ndizi ya kuiva ao mkate kidogo, kisha anameza kidonge na maji mengi yenye ndimu iliyokamuliwa, ao na chungwa. Ndimu na chungwa vina vitamini C, ambayo inasaidia chuma kuingia mwilini. Kile kipande cha ndizi ni kidogo kwa makusudi. Tumbo tupu linapokea chuma vizuri lakini linachafuka, na tumbo lililojaa maharagi na sombe halichafuki lakini linazuia chuma. Ndizi ni katikati ya hayo mawili. Anabaki amekaa kama nusu saa mbele ya kulala, ili kidonge kisirudi juu na kuchoma kifua. Kama roho inataka kuchafuka, itamkuta usingizini.

Chai na kahawa havikatazwi, vinasogezwa tu. Vinashika chuma tumboni na kukizuia kuingia. Maziwa na dawa za kupunguza asidi ya tumbo zinafanya vilevile. Kwa hiyo inafaa kuacha saa mbili hivi kati yake na kidonge. Chai yake ya asubuhi inabaki palepale, kwa sababu kidonge kimehamia usiku.

Juma la pili, akiona usiku unapita vizuri, anaongeza kidonge cha pili saa tisa ya mchana, saa mbili baada ya kula, tena na kipande kidogo cha chakula. Havimezi viwili pamoja. Hatafuni kidonge wala hakipondi, kwa sababu ladha ya chuma ndiyo inayoamsha matapishi, na kinaweza kutia meno weusi.

Siku moja anasahau cha mchana. Kesho yake hamezi vitatu ili kulipa deni, anaendelea na viwili kama kawaida.

Akiwa na majuma 27, hemoglobini ni 10.8. Majuma 31, ni 11.3. Sasa anarudi kwa kidonge kimoja kila usiku mpaka kuzaa, na hata majuma yanayofuata, kama muuguzi atakavyomwonyesha.

Kama hata hivyo inashindikana

Si kila mama anafaulu kwa mpango huu. Miezi mitatu ya kwanza, wakati kichefuchefu cha mimba na cha chuma vinakutana, muuguzi anaweza kuamua mama ameze asidi foliki peke yake kwa majuma machache, kisha chuma kirudi tumbo likitulia. Ni mapumziko yenye tarehe ya mwisho, na mama anapaswa kuijua tarehe hiyo.

Baadaye, muuguzi anaweza kubadilisha aina ya chumvi ya chuma, kumpa ile yenye miligramu 30, ao kuomba ameze siku moja na kuruka siku moja. Kuruka siku si upuuzi: baada ya kumeza chuma kingi, mwili unafunga mlango wake kidogo kwa saa 24 hivi, na kidonge cha kesho yake kinaingia kwa sehemu ndogo zaidi. Lakini mama mwenye hemoglobini iliyoshuka sana, ao aliye karibu kuzaa, hana muda wa kujaribu mwenyewe. Uamuzi huo unafanywa na yule aliyeona kipimo cha damu.

Mambo mawili yanawatisha wamama bure. Choo kinakuwa cheusi, na hiyo ni kawaida ya chuma. Tena choo kinaweza kufunga. Maji mengi, maembe, mapera na mboga vinasaidia.

Wakati gani usingoje

Nenda kituo cha afya mara moja kama unatapika kila kitu hata maji, kama umeshinda siku nzima bila kukojoa, kama kuna damu ndani ya matapishi, ao kama choo ni cheusi chenye kunata kama lami na kunuka vibaya. Vilevile kama unakosa pumzi ukiwa umekaa tu, ao viganja na ndani ya macho vimekuwa vyeupe.

Mwisho kuna hatari ambayo haimhusu mama mwenyewe. Vidonge vya chuma mara mingi ni vyekundu na vinang'aa kama bomboni. Mtoto wa kilo 10 akimeza kumi, amepata miligramu 650 za chuma, ni kusema 65 kwa kila kilo ya mwili wake. Kiasi hicho kinaweza kumuua. Hatari ni kwamba baada ya kutapika anaweza kuonekana amepata nafuu kwa saa kadhaa, kisha akaanguka. Usingoje kuona, mpeleke hospitali pamoja na kafuko kalikobaki. Na kale kafuko ka CPN kasikae nyuma ya kabati ya chini. Kawekwe juu, pahali mkono wa mtoto haufiki, lakini mama anakaona kila usiku.